UZI: Onyo la stoki linakuja bidhaa imeshaisha. Kiwango cha kuagiza nikiweke wapi?

Rejareja_Arua

Wandugu, habari za kazi. Niko Arua, duka la rejareja lenye bidhaa kama 140 hivi: sukari, sabuni, mafuta ya kupikia, chumvi, daftari za shule na vitu vya nyumbani. Stoki naiandika kwenye Google Sheets. Kuna safu ya jina, safu ya idadi iliyobaki, na nimeweka rangi: chochote kikishuka chini ya 10 kinakuwa chekundu.

Shida ni kwamba wekundu unakuja siku ambayo hauna faida tena. Mzigo wangu unatoka Kikuubo, soko la jumla la Kampala. Orodha naituma kwa wakala wangu Ijumaa jioni, lori linapakia Jumamosi, na mara nyingi mzigo unafika Jumanne. Wiki mbaya unafika Ijumaa. Sukari ikiwa nyekundu Jumapili, mzigo unaokuja Jumanne hauna sukari ndani yake, maana sikuiagiza. Kwa upande mwingine, viberiti na nyembe ni vyekundu kila siku na havina haraka yoyote.

Nauliza: hiyo 10 niibadilishe iwe ngapi, na je, jedwali linaweza kunitumia ujumbe lenyewe?

---

Busia_Jumla

Hilo ni jepesi, ndugu. Sisi huku kanuni ni robo. Ukiingiza gunia nne, likibaki gunia moja unaagiza. Katoni ishirini, zikibaki tano unaagiza. Weka asilimia 25 kwa kila bidhaa, utalala usingizi.

---

Mhasibu_wa_Stoo

Ndugu wa Busia, robo inakufaa kwa sababu duka la jumla unalonunulia liko mwendo wa boda kutoka kwako. Ukiishiwa saa nne, saa sita mzigo umefika. Hapo hata sehemu ya kumi ingetosha. Lakini upo karibu na ukweli katika jambo moja: kila bidhaa iwe na kiwango chake, wala si 10 kwa zote.

Kasoro ya robo ni kwamba inapima ulichonunua mara ya mwisho. Mteja hajui ulinunua gunia ngapi. Kiwango cha kuagiza kinatokana na mambo mawili tu: unauza kiasi gani kwa siku, na ni siku ngapi zijazo ambazo huwezi kupata mzigo mwingine hata ukitaka.

Sasa Rejareja, nipe tarakimu za bidhaa moja tu. Sukari: umeuza kilo ngapi wiki nne zilizopita?

---

Rejareja_Arua

Kilo 308 kwa siku 28. Naipima kwa kilo na nusu kilo kutoka gunia la kilo 50. Hakuna siku iliyokosekana katika hizo 28.

---

Mhasibu_wa_Stoo

Vizuri, hiyo ni kilo 11 kwa siku.

Watu wengi wangekuambia hivi: lori linachukua siku 4, kwa hiyo 11 mara 4 ni 44, weka onyo kwenye kilo 44. Ukifanya hivyo utaendelea kuishiwa, kwa sababu wewe huagizi kila siku. Unaagiza Ijumaa tu. Tuseme Jumamosi asubuhi sukari ni kilo 44 na onyo linalia. Utafanya nini? Nafasi yako ijayo ni Ijumaa, na mzigo wa Ijumaa hiyo utafika Jumanne inayofuata. Hizo ni siku 10 mbele yako na una sukari ya siku 4.

Kwa hiyo siku ya Ijumaa swali lako lisiwe "sukari itafika Jumanne?" Swali ni "sukari niliyonayo pamoja na ninayoagiza leo, itanifikisha hadi mzigo wa Ijumaa *ijayo* ufike?" Yaani siku 7 za kusubiri zamu nyingine ya kuagiza, na siku 4 za lori. Jumla 11. Halafu lori linaweza kuchelewa siku 3, kama ulivyosema. Ongeza hizo, ni siku 14.

Kilo 11 mara siku 14 ni kilo 154. Hicho ndicho kiwango chako cha Ijumaa. Ukiwa na kilo 68 dukani na hakuna kitu njiani, umepungukiwa na 86, unaagiza gunia 2.

Kama ungekuwa unaweza kuagiza siku yoyote, zile 7 zingetoka na kiwango kingekuwa kilo 77. Tofauti yote hiyo inatokana na ratiba ya oda, si na wateja.

---

Busia_Jumla

Mimi nimewahi kusoma kwamba unachukua siku uliyouza zaidi ukazidisha na safari iliyochelewa zaidi. Hiyo si ndiyo salama kabisa?

---

Mhasibu_wa_Stoo

Ni salama, ila unailipia. Njia hiyo inachukulia kwamba kila siku itakuwa kama siku ile ya mauzo makubwa kuliko zote, na papo hapo lori nalo liko katika safari yake mbaya kuliko zote. Mauzo ya siku moja yanapanda na kushuka, lakini katika siku 14 yanafidiana: Jumamosi kubwa inapunguzwa na Jumatatu ndogo. Lori halifidiani namna hiyo. Likichelewa siku 3, umekosa siku 3 nzima. Ndiyo maana kwa duka la mbali kama Arua, akiba yako naiweka kwenye ucheleweshaji wa lori, si kwenye siku ya mauzo makubwa.

Na namba ya siku za lori isiachwe milele. Mwaka 2024 daraja la Karuma lilipofungwa kwa ukarabati, magari ya Nile Magharibi yalizungushwa njia nyingine. Jedwali ambalo bado lilisema "siku 4" wakati ule lilikuwa linachelewesha onyo la kila bidhaa kwa pamoja. Ukisikia njia imebadilika, badilisha safu hiyo siku ile ile.

---

Fundi_Jedwali

Naomba niingie upande wa jedwali lenyewe, maana hesabu ya Mhasibu haitafanya kazi kwenye shiti iliyopangwa kama ya Rejareja. Ukifuta 60 ukaandika 58, ile 60 imepotea. Hujui kama zile 2 ziliuzwa, ziliharibika au zilichukuliwa. Wala huwezi kupata wastani wa mauzo, kwa sababu mauzo hayajaandikwa popote.

Tengeneza kurasa mbili. Ya kwanza iite `Mienendo`. Kila kitu kinachotokea ni mstari mpya, na mstari wa zamani haufutwi. A ni tarehe, B ni msimbo wa bidhaa, C ni aina, D ni idadi bila alama ya kutoa. Aina ni sita tu: MWANZO, AGIZA, INGIA, UZA, HARIBIKA, SAHIHISHA. Seli E2 unaweka hii mara moja, nayo inajaza safu yote:

```
=ARRAYFORMULA(IF(B2:B="","",IF((C2:C="UZA")+(C2:C="HARIBIKA"),-D2:D,D2:D)))
```

Kwa njia hiyo muuzaji haandiki alama ya kutoa. Ukimwachia aiandike, siku moja ataisahau, na mauzo yataongeza stoki badala ya kuipunguza. SAHIHISHA peke yake ndiyo inayoruhusiwa kuwa na alama ya kutoa kwenye D, na AGIZA unapofuta oda.

Mauzo si lazima yaandikwe moja moja. Jioni mstari mmoja kwa kila bidhaa iliyouzwa unatosha.

Ukurasa wa pili uite `Bidhaa`, mstari mmoja kwa kila bidhaa: A msimbo, B jina, C stoki, D njiani, E siku tupu, F wastani kwa siku, G siku za lori, H siku za kuchelewa, I kiwango, J hali, K siku hadi mzigo ujao. Unaandika kwa mkono A, B, E, G na H tu. Nyingine, kuanzia mstari wa 2, ni hizi kwa mpangilio wa C, D, F na I:

```
=SUMIFS(Mienendo!E:E,Mienendo!B:B,A2,Mienendo!C:C,"<>AGIZA")
=SUMIFS(Mienendo!E:E,Mienendo!B:B,A2,Mienendo!C:C,"AGIZA")-SUMIFS(Mienendo!E:E,Mienendo!B:B,A2,Mienendo!C:C,"INGIA")
=IFERROR(-SUMIFS(Mienendo!E:E,Mienendo!B:B,A2,Mienendo!C:C,"UZA",Mienendo!A:A,">="&TODAY()-28,Mienendo!A:A,"<"&TODAY())/(28-E2),0)
=ROUNDUP(F2*(7+G2+H2),0)
```

Nimetumia siku 28 na si 30 ili kila siku ya wiki ihesabiwe mara nne sawasawa. Ukitumia 30, kuna wakati zitaingia Jumamosi tano na wastani unapanda bila sababu.

Safu ya "siku tupu" isidharauliwe. Bidhaa ikikosekana siku 7 kati ya 28, mauzo ya siku hizo ni sifuri, lakini si kwamba wateja hawakuitaka. Bila kuziondoa siku hizo, wastani unashuka, kiwango kinashuka, unaagiza kidogo, unaishiwa tena, na wastani unashuka zaidi. Bidhaa inayotakiwa sana inajionyesha kama bidhaa mbovu. Ukianza jedwali leo, siku ambazo hujaandika chochote nazo ziingie humo humo.

---

Kodi_Tu

Samahani, mbona mnahangaika? Si tayari kuna EFRIS? Ndani yake stoki ipo.

---

Mhasibu_wa_Stoo

EFRIS ni mfumo wa URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, kwa ajili ya ankara na risiti za kodi. Ni kweli ina stoki: unaingiza bidhaa kwanza ndipo uweze kuzitolea ankara. Lakini haijui kwamba lori lako linapakia Jumamosi, wala kwamba mafuta yamo njiani. Swali la Rejareja ni lini aagize, na hilo ni jambo lingine. Kama umesajiliwa, ni vizuri stoki ya jedwali na ya EFRIS zilingane, ila huo ni uzi wake peke yake.

---

Rejareja_Arua

Fundi, nimeweka fomula, stoki inatoka sawa. Bado J na K. Na jambo moja: kuanzia Jumatano karibu kila bidhaa iko chini ya kiwango cha siku 14. Nikitumiwa ujumbe kila asubuhi wenye bidhaa 90, sitausoma.

---

Fundi_Jedwali

Hutausoma, na utakuwa na haki. Hicho ndicho kinachoua maonyo mengi: yanalia siku ambayo mtu hana la kufanya. Kwako kuna maonyo mawili tofauti, tusiyachanganye.

La kwanza ni orodha ya Ijumaa: nini kiko chini ya kiwango. Hilo lije Ijumaa asubuhi tu. La pili ni la dharura: nini hakitafika hadi mzigo ujao. Hilo lije siku yoyote, maana hapo unaweza kununua katoni mbili kwa duka la jumla la hapo hapo Arua, hata kama bei imepanda, mteja asihame.

K ni siku zilizobaki hadi Jumanne. Lakini ikiwa ni Jumamosi hadi Jumanne na bidhaa haimo kwenye oda iliyo njiani, Jumanne hiyo haikusaidii, unaongeza 7. Ndiyo ile sukari yako ya Jumapili. Kwanza K, kisha J:

```
=MOD(3-WEEKDAY(TODAY()),7)+IF(AND(D2<=0,MOD(WEEKDAY(TODAY()),7)<=3),7,0)
=IF(C2<0,"KOSA",IF(C2<=F2*K2,"DHARURA",IF(C2+D2<I2,"AGIZA","SAWA")))
```

Ile 3 kwenye `3-WEEKDAY` ni Jumanne, kwa kuwa Jumapili ni 1. Mzigo wako ukihamia Jumatano, andika 4 hapo, na ile `<=3` ya mwisho ifanye `<=4`.

KOSA maana yake stoki iko chini ya sifuri, jambo lisilowezekana kwenye rafu. Karibu kila mara ni INGIA iliyosahaulika, au mtu ameingiza katoni akauza vipande. Usiirekebishe kwa SAHIHISHA kabla hujatafuta sababu.

Sasa ujumbe. Fungua `Extensions`, kisha `Apps Script`, bandika hii na uweke imeili yako:

```javascript
function onyoLaStoki() {
  const data = SpreadsheetApp.getActive()
    .getSheetByName('Bidhaa').getDataRange().getValues().slice(1);
  const ijumaa = new Date().getDay() === 5;
  const orodha = data.filter(r => r[0] !== '' && r[9] !== 'SAWA'
    && (ijumaa || r[9] !== 'AGIZA'));
  if (orodha.length === 0) return;
  const ujumbe = orodha.map(r => r[9] + ': ' + r[1] + ', stoki ' + r[2]
    + ', njiani ' + r[3] + ', kiwango ' + r[8]).join('\n');
  MailApp.sendEmail('duka@example.com', 'Onyo la stoki', ujumbe);
}
```

Iendeshe mara moja kwa mkono ili itoe ombi la ruhusa, uikubali. Kisha upande wa kushoto fungua `Triggers`, `Add Trigger`, chagua `Time-driven`, halafu `Day timer`, saa 12 hadi saa 1 asubuhi, ambayo pale imeandikwa `6am to 7am`. Haitafika dakika ile ile kila siku, itaangukia mahali fulani ndani ya saa hiyo.

Angalia majira ya saa katika sehemu mbili: `Project Settings` ya Apps Script, na `File`, `Settings` ya jedwali. Zote ziwe za Kampala au Nairobi, GMT+3. Zikiwa za Marekani, ujumbe wa Ijumaa asubuhi unaweza kuja Ijumaa jioni, wakala ameshafunga orodha.

Na usijaribu kutumia `onEdit` kutuma imeili. Ile ya kawaida hairuhusiwi kugusa huduma inayohitaji ruhusa yako, na haistuki fomula inapobadilisha namba. Inastuka mtu anapoandika tu.

---

Mama_Maziwa

Jamani, mimi nina duka Kasese, ninauza mkate na maziwa ya pakiti. Nimefanya hesabu ya Mhasibu kwenye maziwa ikanipa pakiti nyingi ambazo zitaharibika kabla hazijauzwa. Nimekosea wapi?

---

Mhasibu_wa_Stoo

Hujakosea hesabu, mama. Bidhaa yako ina kikomo cha juu ambacho sukari haina. Zidisha wastani wa siku na siku ambazo pakiti itakaa rafuni kabla ya tarehe ya kuisha, toa siku moja kwa usalama. Hiyo ndiyo dari. Kiwango kikiwa juu ya dari, jibu haliko kwenye jedwali. Inabidi uletewe mara nyingi zaidi, kidogo kidogo, au ukubali kwamba siku fulani yatakwisha saa kumi jioni. Kwa mkate unaoletwa kila asubuhi, hata onyo la stoki halina kazi. Unachohitaji ni kujua ulirudisha mikate mingapi jana.

Na kilichoharibika kiandikwe HARIBIKA, kisiandikwe UZA. Ukikiandika UZA, wastani unapanda na jedwali linakushauri uagize zaidi ya kile kile kinachooza.

---

Rejareja_Arua

Ujumbe wa kwanza umekuja. Lakini kuna kitu sikielewi. Sabuni ya mche wastani wake haufiki hata 1 kwa siku, na mimi najua tunauza si chini ya 9. Siku tupu ni sifuri. Stoki yenyewe iko sahihi.

---

Fundi_Jedwali

Stoki sahihi, wastani mdogo: hiyo ni tarehe. Stoki haiangalii tarehe, wastani unaiangalia. Nenda `Mienendo`, safu A, tazama kama tarehe nyingine zimekaa kushoto mwa seli na nyingine kulia.

---

Rejareja_Arua

Ndiyo! Kuanzia tarehe 13 hadi mwisho wa mwezi zote ziko kushoto.

---

Fundi_Jedwali

Jedwali lako liko kwenye mpangilio wa Marekani, mwezi unatangulia siku. Ukiandika 13/05, linatafuta mwezi wa 13, halilipati, linaliacha kama maandishi. Maandishi hayaingii kwenye `">="`. Mbaya zaidi ni zile za 1 hadi 12, maana zimekubaliwa lakini zimegeuzwa: 05/06 yako ya Juni 5 imekuwa Mei 6. Hizo zinakaa kulia vizuri kabisa na hutazishuku.

Nenda `File`, `Settings`, `Locale`, chagua `United Kingdom`. Hiyo itaponya tarehe zijazo. Za zamani itabidi uziandike upya, hazijigeuzi. Kisha chagua safu A yote, `Data`, `Data validation`, weka sharti la `Is valid date`, na uchague `Reject the input`.

Ukiwa hapo hapo, safu B iwe orodha ya kuchagua kutoka `Bidhaa!A2:A`, nayo ikatae kisichomo. Msimbo wenye nafasi tupu mwishoni, `SUK01 ` badala ya `SUK01`, kwa macho ni ule ule, lakini SUMIFS inauona ni mwingine na mauzo hayo hayahesabiwi popote.

---

Mzee_Daftari

Vijana wangu, mnasema vizuri, lakini Koboko umeme ukikatika na data ikiisha, jedwali liko wapi? Mimi natumia njia hii: gunia la mwisho nalifunga kamba nyekundu. Siku tunapokata kamba, ndiyo siku ya kuagiza. Hata kijana asiyejua kusoma anaona.

---

Mhasibu_wa_Stoo

Mzee wangu, heshima. Njia hiyo ni nzuri na ni ile ile hesabu, ila imefungwa kwenye gunia. Kitu kimoja tu cha kupima: kiasi kilicho nyuma ya kamba kitoshe siku za kungoja. Kwa Rejareja, hata kama angeagiza siku yoyote, ni kilo 77, kwa hiyo kamba ingefungwa kwenye gunia mbili za mwisho, si moja. Kwa bidhaa 20 zinazotoka haraka ningemshauri aitumie pamoja na jedwali. Kamba haidanganywi na mtu aliyesahau kuandika.

Maana jedwali linajua kilichoandikwa tu. Gunia la kilo 50 ukilipima kwa kilo na nusu kilo, mizani ikizidisha kidogo kila mara, halitoi kilo 50 za mauzo. Unabaki na kilo kwenye shiti ambayo haipo dukani, na inaongezeka gunia hadi gunia. Kila asubuhi kabla ya kufungua, hesabu bidhaa tano, si duka zima. Zinazotoka haraka zirudiwe kila wiki, viberiti hata mara moja kwa mwezi inatosha. Tofauti iandike SAHIHISHA. Sukari ikipungua kwa kiasi kile kile kila wiki, ni mizani au kijiko. Ikipungua ghafla mara moja, kuna INGIA au mauzo ambayo hayakuandikwa, au kuna mlango wa nyuma.

---

Rejareja_Arua

Nimeelewa. Sasa nina swali la Ijumaa hii. Sukari ni kilo 91, njiani hakuna. Kiwango ni 154, nimepungukiwa na 63. Gunia 1 halifiki, gunia 2 zinazidi. Mtaji nao ni wa kubana.

---

Busia_Jumla

Chukua moja. 91 na 50 ni 141, umekosa 13 tu. Hela ya gunia la pili nunua mafuta.

---

Mhasibu_wa_Stoo

Tuitazame vizuri. Ukichukua moja, kabla ya mzigo wa Jumanne ya wiki ile nyingine utakuwa umebakiwa na kilo 20, maana 141 kutoa 121. Lori likifika kwa wakati, hakuna aliyejua. Likichelewa siku 3, unahitaji 33, kwa hiyo siku moja na kitu hakuna sukari. Ukichukua mbili, utabakiwa na 70 na hela ya gunia zima imelala wiki nzima.

Mimi kwa sukari ningechukua mbili. Mteja anayekuja kuchukua sukari anachukua na majani ya chai na sabuni, akiikosa anavifuata vyote kwa jirani. Kwa bidhaa ambayo mtu hainunui pamoja na nyingine, ningekubaliana na ndugu wa Busia.

---

Busia_Jumla

Mimi bado nasema moja. Sukari ipo kwa jumla hapo Arua, siku hiyo moja atanunua kilo 20 akauza bila faida. Ni nafuu kuliko kulaza gunia kila wiki.

---

Fundi_Jedwali

Wakati mnabishana, Rejareja, kumbuka hili: mzigo ukifika pungufu, oda inabaki wazi. Umeagiza katoni 10 za mafuta, zimekuja 8, wakala anasema mbili hazipo. Safu ya njiani itaonyesha 2 milele, na kila Ijumaa jedwali litaamini zinakuja. Andika mstari wa AGIZA wenye `-2` siku ile ile. Kila Jumatano chuja safu D ya `Bidhaa`. Kwako, baada ya mzigo kufika na kabla ya Ijumaa, njiani pote panatakiwa kuwa sifuri. Palipo na namba kubwa kuliko sifuri, kuna oda iliyokufa. Palipo chini ya sifuri, kuna kitu kiliingia bila kuandikiwa oda, na hiyo inapunguza hesabu ya stoki yako ya mbele.

Tena, oda na mauzo yawe kwa kipimo kimoja. Sukari ni kilo pande zote, mafuta ni chupa pande zote. Katoni ibaki kwenye orodha ya wakala tu.

---

Mama_Maziwa

Na daftari za shule je? Februari, mwisho wa Mei na Septemba zinatoka kama maji. Wastani wa siku 28 kabla ya shule kufunguliwa unasema daftari 3 kwa siku.

---

Mhasibu_wa_Stoo

Hapo wastani wa nyuma hautoshi, mama, kwa sababu unatazama likizo. Kama una `Mienendo` ya muhula uliopita, chukua mauzo ya wiki mbili za kufungua, uyagawe kwa 14, na uandike namba hiyo juu ya fomula ya F kwa bidhaa za shule, wiki tatu kabla ya kufungua. Irudishe fomula shule zikishatulia, la sivyo utaagiza daftari za Februari mwezi wa Machi.

Kama huna kumbukumbu za muhula uliopita, sina fomula ya kukupa. Labda kuna mwenye duka karibu na shule hapa anayeweza kusema daftari zinapanda mara ngapi kwake.

---

Rejareja_Arua

Nimechukua gunia mbili. Daftari nami nasubiri jibu hapo.